Jinsi ya kumwandikia mwanagenzi barua pepe ya njia: basi, kituo na mwendo wa miguu hadi ofisini

Barua pepe nyingi za kumwelekeza mwanagenzi ofisini huharibika mahali pamoja: dakika ile baada ya kushuka basini. Ndani ya basi ana watu wa kuwauliza, na akishafika getini yupo mlinzi. Ila pale kituoni, basi limeshaondoka, magari yanapita mbele yake, simu iko mkononi, na barua inamwambia "vuka barabara, ingia kulia." Avukie wapi? Kulia kwa nani? Mwandishi alikuwa na picha yote kichwani, akaandika nusu yake.

Tuchukue barua moja ya mfano, ya aina inayotumwa kila siku:

> Habari na karibu sana. Ofisi yetu iko barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta. Panda basi namba 14, shuka Daraja la Pili, vuka barabara kisha ingia njia ya kulia. Utaona jengo jeupe, sisi tuko ghorofa ya tatu. Si mbali na kituo. Kazi inaanza saa 2:00. Tukutane Jumatatu.

Hakuna uongo ndani yake. Anayekwenda ofisini hapo kila siku ataisoma na kuona kila kitu kiko sawa, na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa mambo yaliyokosekana anajijazia mwenyewe bila kujua. Hatua zinazofuata ni za kuyatoa mambo hayo kichwani na kuyaweka kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: muulize anatokea wapi

Kabla ya kuandika lolote kuhusu basi, mtumie mwanagenzi swali moja fupi: "Siku ya kwanza utakuwa unatokea maeneo gani, na je, utakuja kwa basi?" Jibu lake ndilo linaloamua atashukia upande gani wa barabara. Kituo kimoja huwa na pande mbili zenye jina lile lile: kimoja cha mabasi yanayoenda, kingine cha yanayorudi. Anayetoka mjini atashuka upande mmoja, na anayetoka nje ya mji atashuka ng'ambo. Kwa huyu wa pili, neno "vuka barabara" linampeleka kinyume kabisa na ofisi.

Asipojibu kwa wakati, mwanzishe safari kwenye stendi kubwa inayojulikana na kila mtu, na useme wazi kwamba maelezo yanaanzia hapo. Usijaribu kuandika njia tatu kwenye barua moja. Msomaji aliyebanwa na wakati ataanza na njia ya kwanza, jicho litaruka mstari, na atamalizia na njia ya tatu.

Hatua ya pili: panda basi hilo mwenyewe, saa ile ile

Hatua hii hurukwa kuliko zote. Anayekuja kazini kwa gari lake hajui basi linasimama wapi hasa, na anayekuja kwa basi kila siku ameshaacha kutazama dirishani. Kwa hiyo panda basi analopanda mwanagenzi, katika saa atakayopanda yeye, siku ya kazi. Asubuhi ya mapema ina mambo yake: maduka hayajafunguliwa, na mabango uliyozoea kuyaona mchana yamefichwa nyuma ya milango ya chuma. Geti dogo la nyuma linalofupisha njia bado limefungwa. Ukimwambia mtu "kata kona penye duka la viatu", naye akapita hapo saa moja na nusu, ataona safu ya milango ya bati inayofanana yote.

Ukiwa safarini andika mambo manne tu.

La kwanza ni maneno yaliyoandikwa mbele ya basi. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu namba 14 inayokwenda na namba 14 inayorudi ni namba hiyo hiyo. Kinachoyatofautisha ni kibao cha mwisho wa safari. Tazama pia kama kuna mabasi ya namba hiyo yanayokwenda moja kwa moja bila kusimama vituo vidogo. Asubuhi huwa ndiyo yanayokuja na nafasi za kukaa, na mgeni huyafurahia kwa sababu hiyo.

La pili ni jina la kituo. Liandike kama linavyotamkwa na watu, na kama kibao cha kituoni kina jina tofauti, andika yote mawili. Konda anajua lile la watu. Ramani ya simu inajua lile la kibao.

La tatu ni kituo kinachotangulia cha kwenu. Hiki ni cha kumwandaa. Akikiona, ndipo anaposogea mlangoni, anapomwambia konda, au anapobonyeza kengele kama basi ni la kubonyeza. Mgeni anayengoja mpaka aone jina la kituo chenu dirishani mara nyingi huchelewa: amekaa kiti cha nyuma, njia imejaa watu, na basi lisilo na mtu wa kushuka halisimami.

La nne ni kituo kinachofuata baada ya chenu. Hicho ndicho kinachomwambia kwamba amepitiliza. Kupitiliza kituo kimoja si jambo la kutisha kama mtu anajua amepitiliza. Asiyejua huendelea mpaka mwisho wa njia.

Hatua ya tatu: simama kituoni na utafute kitu cha kujielekezea

Sasa tumefika pale penye shida yenyewe. Shuka, usiondoke. Jiulize: mtu asiyejua chochote hapa, uso wake unatazama wapi? Hujui. Huenda ameshuka kinyumenyume na begi, huenda amegeuka kukwepa pikipiki. Ndiyo maana "kulia" na "kushoto" hazina maana mpaka kwanza umsimamishe mtu na kumwelekeza uso mahali fulani. Kaskazini na kusini nazo hazimsaidii mtu aliyeshuka basini asubuhi yenye mawingu.

Kuna kitu kimoja ambacho kila aliyeshuka basini anakijua bila kuuliza: basi limeelekea wapi. Kitumie hicho. Andika: "Ukishuka, tazama upande basi lilikokwenda." Kuanzia hapo una msomaji aliyesimama kama unavyotaka. Halafu, badala ya kuanza kulia na kushoto, unaweza kuendelea na kipimo hicho hicho: "tembea upande huo huo" au "rudi nyuma, kinyume na basi lilikokwenda." Sentensi hizi hazikosewi hata baada ya kuvuka barabara, wakati kulia kwa mtu kunageuka kila anapogeuka yeye.

Kuvuka kuna haki ya sentensi yake. Taja anavukia wapi hasa: penye pundamilia, penye taa, au kwa daraja la waenda kwa miguu. Kama kivuko kiko mbele ya kituo kwa mwendo wa dakika moja, na watu wengi wanakatisha tu hapo hapo kituoni, mwambie mwanagenzi aende kwenye kivuko. Wenyeji wanaijua kasi ya magari ya pale, yeye bado.

Barabara ikishakuwa nyuma yake, una kipimo cha pili kilicho imara: "barabara kuu ikiwa mgongoni mwako." Hapo ndipo kulia na kushoto zinapoanza kuaminika.

Hatua ya nne: tembea, ukichagua alama kama mtu anayeziona mara ya kwanza

Alama nzuri ina sifa tatu: inaonekana kabla mtu hajaifikia, iko peke yake, na haihamishiki. Mnara wa simu una zote tatu. Jengo jeupe halina hata moja, kwa sababu majengo meupe yatakuwa sita na mwezi ujao moja litapakwa rangi nyingine. Rangi ya geti iongeze kama unapenda, ila isibebe mzigo peke yake. Mwembe mkubwa ni alama nzuri. Gari bovu lililoegeshwa miaka yote pembeni ya njia ni alama nzuri mpaka siku linapovutwa, na bila shaka siku hiyo itakuwa Jumatatu ya mgeni wako.

Tazama alama kutoka upande anaotokea yeye. Bango kubwa la kituo cha mafuta linaweza kuonekana vizuri ukitoka ofisini, lakini ukitoka kituoni limezibwa na miti. Picha ya jengo iliyopigwa kutoka ndani ya uwanja wenu haimsaidii mtu aliye njiani. Kama unapiga picha, ipige ukiwa umesimama alipo yeye, kamera usawa wa macho, ukitazama anakokwenda.

Kuhesabu njia ni hatari kuliko inavyoonekana. "Ingia njia ya tatu" ni maneno mepesi, lakini je, lango la kuingilia magari kwenye kituo cha mafuta ni njia? Na kile kichochoro kati ya nyumba mbili, kinachopitisha mtu mmoja? Wewe huvihesabu kwa kuwa unajua havifiki popote. Yeye atavihesabu. Ni salama zaidi kukitaja kitu kilicho kwenye kona yenyewe, na idadi uiweke kama nyongeza, ukisema wazi kisichohesabiwa.

Umbali uandike kwa dakika, lakini dakika za kweli. Mtu mzima anayetembea mwendo wa kawaida hufanya takribani mita 80 kwa dakika, hivyo mita 400 ni dakika tano. Tembea kwa mwendo usio wa haraka huku ukitazama saa, kisha ongeza kidogo, kwa sababu mgeni husimama kusoma vibao. Maneno kama "si mbali", "hapo hapo tu" na "hatua chache" yaondoe kabisa. Kwa mtu asiyejua njia, dakika tatu za kutembea bila kuona alichoahidiwa zinatosha kumfanya ageuke arudi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kipande chochote cha njia kinachozidi dakika mbili au tatu kipe kitu cha kumtuliza katikati: ukuta mrefu, shule, kijito. Si alama ya kugeukia, ni ya kumhakikishia tu kwamba yuko sawa. Na mwisho wa kipande hicho weka alama ya kumzuia: "ukifika darajani, umepita." Barua nyingi zina alama za kwenda mbele. Chache sana zina za kusimamisha, na hizo ndizo zinazookoa dakika ishirini.

Mvua nayo uifikirie. Njia ya mkato inayopita uwanjani ni nzuri wakati wa kiangazi, ila mtu aliyevaa viatu vya siku ya kwanza kazini hataifurahia ikiwa tope. Mpe njia inayopitika siku zote. Ya mkato ataonyeshwa na wenzake mchana.

Hatua ya tano: geti, mlinzi na lifti

Kipande hiki ni kifupi na watu hukisahau kwa kudhani mtu akishafika getini amefika. Andika jina lililo kwenye kibao cha getini, hata kama silo jina la ofisi yenu. Mara nyingi kibao ni cha mwenye jengo. Andika maneno ambayo mlinzi anayaelewa: kama yeye anawaita "watu wa uhasibu, juu", basi mwanagenzi aseme anakwenda uhasibu. Jina kamili la idara yenu, lile la kwenye barua rasmi, huenda mlinzi hajawahi kulisikia. Mwambie mlinzi siku moja kabla kwamba kuna mgeni, na kumbuka kwamba mlinzi wa zamu ya asubuhi huenda si yule uliyeongea naye jioni.

Kisha ghorofa. Wengine huanza kuhesabu chini kabisa, wengine huanza baada ya kupanda ngazi za kwanza, kwa hiyo "ghorofa ya tatu" inaweza kuwa sehemu mbili tofauti. Mwandikie namba ya kubonyeza kwenye lifti, na kwa anayepanda ngazi, useme anapanda ngazi mara ngapi kutoka mapokezi. Kama hakuna lifti, sema mapema. Kuna atakayehitaji kulijua hilo kabla ya kuondoka nyumbani, wala hatalazimika kueleza kwa nini.

Hatua ya sita: alama ya ramani, kama nyongeza

Wengi hutuma kiungo cha ramani na kuona kazi imeisha. Kiungo ni msaada mzuri kikiwekwa sawasawa, lakini mara nyingi alama ya jengo hukaa katikati ya paa, na programu humpeleka mtu kwenye barabara iliyo karibu na alama hiyo. Barabara hiyo inaweza kuwa ile ya nyuma, ambako kuna ukuta tu. Mwanagenzi anasimama mita kumi kutoka kwenye dirisha lako, simu inamwambia amefika, na hakuna mlango.

Dawa yake ni kuweka alama getini. Kwenye Google Maps ya simu, kuza picha mpaka uione njia ya getini, bonyeza na kushikilia mahali geti lilipo, alama itatokea pamoja na namba za mahali hapo, kisha utume kiungo hicho. Ukizinakili namba zenyewe, usizikate: tarakimu nne baada ya nukta zinakupa usahihi wa takribani mita 11, tano zinakupa kama mita moja. Kati ya geti na ukuta wa nyuma, tofauti hiyo ni kubwa. Ukimaliza, fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine, uchague mwendo wa miguu kuanzia kituoni, uone kinakokupeleka.

Maelezo ya maandishi yabaki yanajitosheleza bila ramani. Bando huisha, betri huisha, na mtandao huyumba ndani ya basi.

Hatua ya saba: andika, kwa ajili ya kusomwa umesimama

Barua hii haitasomwa mezani. Itasomwa mara moja nyumbani kwa furaha, kisha vipande vipande njiani, kwenye kioo kidogo, mkono mmoja ukiwa umeshika begi. Kwa hiyo kila kitendo kipewe mstari wake, mistari ipewe namba, na maelezo yawe ndani ya barua yenyewe, si kwenye faili la kupakua. Mambo ya mkataba, mavazi, vitambulisho na ratiba yatumie barua nyingine. Kichwa cha barua kiwe na neno ambalo mtu atalitafuta akiwa amepoteza barua: "njia".

Saa nayo iandike kwa namna isiyoacha shaka. Tunasema saa mbili asubuhi, lakini simu yake na ratiba ya basi vinaandika 08:00, na barua ya kazi yenye "saa 2:00" peke yake inaweza kusomwa vyote viwili. Weka "asubuhi" na uongeze mbele yake saa kama simu inavyoiandika, 08:00.

Muda wa kuondoka mpigie hesabu wewe. Katika mfano wetu, basi linaweza kungojewa hadi dakika 10, safari yenyewe asubuhi yenye foleni ni dakika 35, kutembea ni dakika 8, geti na lifti dakika 5. Jumla ni 58. Kwa hiyo wa kufika saa 2:00 asubuhi awe kituoni saa 1:00. Usimpe wastani wa siku nzuri. Afadhali akae mapokezi dakika kumi akitazama kuta.

Barua ile ya mwanzo, baada ya hatua hizi, inakuwa hivi:

> Kichwa: Njia ya kufika ofisini, Jumatatu saa 2:00 asubuhi (08:00)
>
> Habari, na karibu. Haya ni maelezo ya njia kutoka Stendi Kuu, kama ulivyosema. Ukikwama mahali popote, nipigie: [namba]. Kuanzia saa 1:00 asubuhi (07:00) simu yangu itakuwa wazi.
>
> Uwe stendi saa 1:00 asubuhi (07:00).
>
> BASI
> 1. Panda namba 14 yenye kibao "Viwandani". Usipande iliyoandikwa "Moja kwa moja", haisimami kwetu.
> 2. Ukiona kituo cha Mahakamani, sogea mlangoni na umwambie konda unashuka kituo kinachofuata, Daraja la Pili.
> 3. Ukifika Makaburini, umepitiliza kituo kimoja. Shuka hapo unipigie.
>
> KUTOKA KITUONI (dakika 8)
> 4. Ukishuka, tazama upande basi lilikokwenda. Tembea upande huo dakika moja, hadi pundamilia iliyo mbele ya geti la shule. Vukia hapo.
> 5. Ukishavuka, endelea upande ule ule basi lilikokwenda. Utapita mbele ya kituo cha mafuta. Usiingie malango yake mawili.
> 6. Baada ya kituo cha mafuta kuna barabara ndogo yenye mnara wa simu kwenye kona. Ingia hapo. Sasa barabara kuu iko mgongoni mwako.
> 7. Nyoosha dakika nne. Mkono wako wa kushoto utakuwa na ukuta mrefu wa mawe njia nzima.
> 8. Ukuta unapoisha, geti la kwanza mkono wa kushoto, lenye kibanda cha mlinzi, ndilo letu. Ukifika kwenye daraja dogo, umepita geti. Rudi.
>
> NDANI
> 9. Mwambie mlinzi unakwenda uhasibu. Ana jina lako.
> 10. Lifti, bonyeza 3. Kwa ngazi, panda ngazi mara tatu kutoka mapokezi. Mlango wetu unatazamana na lifti.
>
> Alama ya ramani ya geti: [kiungo]. Programu ikikupeleka nyuma ya ukuta, ifunge ufuate maelezo haya.

Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kila mstari unahitajika mahali pamoja tu, na ukishapitwa hausomwi tena. Tazama kwamba kulia na kushoto hazikutajwa hata mara moja mpaka mstari wa saba, msomaji alipokwisha kusimamishwa akiwa na barabara kuu mgongoni. Tazama pia mstari wa tatu: haumwambii apande basi la kurudi, unamwambia apige simu. Kumfundisha mgeni njia ya pili akiwa amechanganyikiwa ni kumwongezea mzigo. Ukimsikia sauti, utamwambia sentensi moja inayofaa pale alipo.

Ahadi ya simu nayo ni ya kutimizwa. Kama saa moja asubuhi wewe mwenyewe huwa kwenye pikipiki, au simu yako inalala mpaka saa tatu, weka namba ya mtu anayekuwepo, kwa ruhusa yake.

Hatua ya nane: mpe mtu aijaribu, kisha itume katikati ya wiki

Kuisoma tena wewe mwenyewe hakutoshi, kwa kuwa utajaza mapengo bila kujijua. Mpe mwenzako ambaye hajawahi kuja kwa basi, mshushe kituoni, na umfuate nyuma kimya. Sharti ni afanye kilichoandikwa tu. Atakaposimama na kutazama huku na huku, usimsaidie. Andika ni mstari wa ngapi. Mara nyingi kosa la mstari wa tano linatokana na mstari wa nne: hakujua kwamba ameshavuka barabara sahihi, kwa kuwa kulikuwa na barabara mbili zenye kijani katikati na wewe unaziita moja.

Itume Jumanne au Jumatano kwa anayeanza Jumatatu, ili akiwa na swali ulijibu siku ya kazi. Iliyotumwa Ijumaa jioni huzaa maswali Jumapili usiku, nawe umelala. Mwombe ajibu jambo moja mahususi, si "umeelewa?", maana hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Muulize: "Basi lako litakuwa limeandikwa nini mbele?" Akijibu "Viwandani", umeshajua ameisoma.

Akishafika na kuketi, muulize alisitasita wapi. Usimuulize kama njia ilikuwa rahisi, kwa adabu atasema ilikuwa rahisi sana. "Wapi ulisimama ukafikiri?" huleta jibu la kweli: labda pundamilia imefutika na hakuiona, labda kituo cha mafuta kimewekewa uzio na malango sasa ni matatu. Rekebisha mstari huo siku hiyo hiyo na uandike tarehe chini ya barua, ili atakayeituma kwa mwanagenzi mwingine ajue mara ya mwisho njia ilitembewa lini.

Kabla hajaondoka jioni, mwambie kwa mdomo kituo cha kurudia kiko wapi. Katika mfano wetu hakitazamani na kile alichoshukia asubuhi: kiko nyuma kidogo, upande ule ule wa kituo cha mafuta, na hahitaji kuvuka tena.